Risala ya malalamiko na madai: tunaacha kazi leo kwa sababu ya mishahara isiyolipwa

KWA: Mkurugenzi Mtendaji, Ofisi Kuu ya Kampuni, Kahama, Mkoa wa Shinyanga

KUTOKA: Wafanyakazi kumi na mmoja wa mtambo wa kuchenjulia dhahabu, Nyarugusu, Mkoa wa Geita

TAREHE: 2 Oktoba 2023

YAH: KUACHA KAZI MARA MOJA KUTOKANA NA KUTOLIPWA MISHAHARA YA MEI HADI SEPTEMBA 2023

Ndugu Mkurugenzi,

Sisi tuliosaini mwisho wa risala hii ni wafanyakazi wako wa zamu tatu: wachenjuaji, mafundi wa pampu, watunza ghala la kemikali na wapakiaji wa marudio. Kila mmoja wetu ameambatanisha barua yake binafsi ya kuacha kazi kuanzia leo saa 1:00 asubuhi, zamu ya usiku inapomalizika. Risala hii inaeleza sababu iliyo moja kwetu sote, inaonyesha hesabu, na inataja tunachodai na lini tunakidai. Tunaomba isomwe pamoja na barua hizo, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake inayosema tumeondoka kwa hiari.

1. Tulivyoingia kazini

Wengi wetu tuliajiriwa Kahama na Shinyanga mjini, kisha tukaletwa Geita kwa gari la kampuni. Aliyetangulia ana mkataba wa tarehe 1 Machi 2020. Wapo waliokuja baada ya mgodi wa almasi wa Mwadui kusimamisha uzalishaji mwaka 2020, na wapo waliokuja Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021. Walikuja na ujuzi wa migodi mikubwa, wakakubali mshahara mdogo kuliko waliouzoea, kwa sababu mkataba ulikuwa wa maandishi na uliahidi malipo kila tarehe ya mwisho wa mwezi, kupitia benki.

Kazi yetu unaijua. Marudio yanayonunuliwa kwa wachimbaji wadogo yanaingizwa kwenye matangi ya saruji, tunachanganya chokaa, tunazungusha maji yenye sianidi, na dhahabu iliyoyeyuka inashikwa na kaboni. Kazi hii haina Jumapili. Mzunguko ukishaanza hausimami mpaka tangi litoe kilichomo, na mtu wa zamu anapima pH usiku kucha, kwa sababu ikishuka chini ya 10 sianidi huanza kugeuka hewa ya sumu. Tunalisema hili mapema ili ieleweke kwamba katika miezi yote mitano tunayoidai hakuna zamu iliyokosa mtu. Daftari la zamu liko ofisini kwako na lina saini ya msimamizi kila asubuhi.

2. Deni lilivyojengeka

Mshahara wa Aprili 2023 ulilipwa wote, ingawa ulichelewa. Mei hatukupata mshahara wowote mpaka katikati ya Juni, ambapo kila mmoja alitumiwa shilingi 200,000 kwa simu. Hazikuja na hati ya mshahara wala maelezo kama ni mkopo au ni sehemu ya mshahara. Sisi tumezihesabu kuwa ni sehemu ya mshahara wa Mei. Tangu hapo mpaka leo, Juni, Julai, Agosti na Septemba hazijalipwa hata senti.

Kilichotushangaza ni kwamba karatasi ziliendelea kutoka. Mchenjuaji mwenye mshahara wa shilingi 600,000 alipewa salari slipu ya Julai inayoonyesha makato ya NSSF shilingi 60,000, kodi ya mapato shilingi 24,000, na kwamba alilipwa shilingi 516,000. Taarifa yake ya benki ya mwezi huohuo haina hata muamala mmoja kutoka kwa kampuni. Alipoomba taarifa ya michango NSSF, mchango wa mwisho uliosomeka ulikuwa wa Aprili. Yaani kwenye karatasi amelipwa, amekatwa kodi na amewekewa akiba ya uzeeni, ilhali hakuna kilichomfikia yeye wala mfuko wake. Nakala za hati hizo tatu zimo kwenye kiambatisho A, kwa ruhusa yake, jina likiwa limefunikwa.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi fedha zake siku ya malipo waliyokubaliana, pamoja na maelezo ya maandishi ya malipo hayo. Salari slipu ni ushahidi wa malipo yaliyofanyika. Ikitolewa bila malipo, inakuwa ushahidi wa deni, na sisi tunaitumia hivyo.

Madhara ya deni hili yanaonekana kwa macho. Mama anayetupikia mtamboni alifunga daftari la mkopo mwezi Agosti, akasema hana tena mtaji wa unga. Wawili kati yetu wamechukua mikopo ya kausha damu Katoro ili walipe kodi ya chumba, na riba yake sasa imezidi kodi yenyewe. Hatuombi huruma kwa kuyataja haya. Tunayataja kwa sababu sheria inauliza kama mazingira ya kazi yalifika mahali pasipovumilika, na jibu la swali hilo linatokana na mambo ya namna hii.

3. Sababu tulizopewa

Kwa nyakati tofauti tuliambiwa mambo matatu: kwamba mwekezaji mwenza amechelewesha fedha, kwamba bei ya marudio imepanda, na kwamba mzigo haujauzwa. Hatuna vitabu vya kampuni na hatuwezi kuyapima mawili ya kwanza. La tatu tunaweza kulisemea.

Kaboni iliyobeba dhahabu haiondoki mtamboni kienyeji. Hufungwa kwenye mifuko, hupigwa lakiri, na hupelekwa kwenye mtambo wa elusheni kwa kibali na usimamizi wa Tume ya Madini. Sisi ndio tuliopakia mifuko hiyo mwezi Juni, Julai, Agosti na Septemba, na tuliona lakiri zikifungwa. Tangu Soko la Madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, likiwa la kwanza nchini, dhahabu inayouzwa humo huacha kumbukumbu ya uzito, bei, mrabaha na ada ya ukaguzi. Kwa hiyo suala la mzigo kuuzwa au kutouzwa linaweza kuthibitishwa kwa nyaraka, na tutaiomba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iziitishe.

Lakini hata kama mzigo haukuuzwa, mikataba yetu haisemi tulipwe dhahabu ikiuzwa. Wachimbaji wa maduara wana makubaliano ya mgao: mwamba ukitoa wanagawana, usipotoa kila mtu anabeba hasara yake. Sisi hatukuingia kwa mgao. Tangi likitoa gramu nyingi hatuongezwi, na likitoa kidogo hatupunguzwi. Mwajiri aliyebaki na faida yote ya miezi mizuri hawezi kutugawia hasara ya miezi mibaya.

4. Hatua tulizochukua kabla ya leo

Tarehe 14 Julai tuliandika barua ya kwanza kwa meneja wa mtambo, tukidai mishahara ya Mei na Juni. Tulibaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Tarehe 28 Julai kulifanyika kikao mtamboni, na meneja akatamka mbele yetu kwamba deni lote lingelipwa ifikapo 15 Agosti. Tuliomba ahadi hiyo iandikwe, tukaambiwa maneno yanatosha kati ya watu wanaoheshimiana.

Tarehe 15 Agosti ilipita. Tarehe 21 Agosti tuliandika barua ya pili, safari hii kwako moja kwa moja, na jibu likaja kwa ujumbe wa simu likisema tuvumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nao ukapita. Tarehe 15 Septemba tulikupa notisi ya siku 14 ikieleza wazi kwamba ikifika 29 Septemba bila malipo, au bila mpango wa malipo uliosainiwa, tutahesabu kuwa umevunja mkataba na tutaondoka. Nakala ilipelekwa kwa Ofisa Kazi wa Mkoa wa Geita. Jibu pekee tulilopata ni kuitwa Kahama tukazungumze, bila nauli na bila ajenda, kwa watu ambao hawajalipwa miezi mitano.

Barua zote, zenye mihuri na tarehe, ziko kwenye kiambatisho B. Tumezitunza kwa sababu Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinamtarajia mfanyakazi atumie kwanza njia zilizopo za kuwasilisha malalamiko kabla ya kusema amelazimika kuacha kazi. Tumezitumia mpaka zikaisha.

5. Kwa nini hatukugoma, na kwa nini tunaondoka leo

Wenzetu wengi walitaka tuzime pampu. Tulikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya usalama, na tumeieleza hapo juu. Ya pili ni ya kisheria. Haki ya kugoma iliyo katika vifungu vya 75 na 80 vya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inahusu mgogoro wa maslahi, kwa mfano wafanyakazi wanapotaka nyongeza ambayo haimo kwenye mkataba, na hata huo lazima kwanza upite kwenye usuluhishi na kutolewa notisi ya saa 48. Mshahara ambao tayari tumeufanyia kazi si maslahi ya kujadiliana, ni deni. Mgogoro wa deni sheria inauita lalamiko, na lalamiko linaamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au Mahakama. Tungegoma, tungekupa sababu halali ya kutufukuza, na wewe mdaiwa ungegeuka mlalamikaji.

Kuendelea kufanya kazi huku tukisubiri nako kuna mtego, na ndio uliotufanya tuamue leo badala ya mwezi ujao. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Namba 64 la mwaka 2007, zinatoa siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine, zikihesabiwa tangu mgogoro ulipotokea. Mshahara wa Mei ulipaswa kulipwa 31 Mei, kwa hiyo siku 60 zake ziliisha 30 Julai, siku mbili baada ya kikao kile cha ahadi. Za Juni ziliisha 29 Agosti, tukiwa tunasubiri mwisho wa mwezi. Za Julai zimeisha Ijumaa iliyopita. Ahadi ya mdomo haisimamishi muda. Kila tulipoambiwa tuvumilie, kalenda ilikuwa inafanya kazi upande wa mwajiri.

Ajira inapokoma, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi ujira wa kazi yote aliyoifanya kabla ya siku hiyo. Msimamo wetu ni kwamba kuanzia leo mishahara yote mitano imeiva kwa pamoja kwa mujibu wa kifungu hicho. Iwapo mwajiri atapinga kwamba miezi ya nyuma imepitwa na muda, tutawasilisha pia Fomu Namba 2 ya Tume kuomba muda uongezwe, na sababu yetu ya kuchelewa itakuwa ahadi zake mwenyewe.

Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kusitishwa kwa ajira pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Katika mashauri ya namna hii, Mahakama Kuu imekuwa ikiangalia kama mfanyakazi kweli alikusudia kuondoka, kama hali ilikuwa haivumiliki, kama mwajiri ndiye aliyeisababisha, kama ilielekea kuendelea, na kama kuondoka ndiyo njia pekee ya busara iliyobaki. Tumejipima kwa maswali hayo kabla ya kusaini. La nne ndilo lililokuwa gumu, kwa kuwa mwajiri anaweza kusema fedha zilikuwa njiani. Ndiyo maana tulitoa notisi ya siku 14 na kuomba malipo au walau mpango wa malipo uliosainiwa. Aliyeshindwa hata kuandika tarehe hana fedha zilizo njiani.

Kuhusu notisi ya siku 28 ambayo mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hutakiwa kutoa, kifungu hichohicho cha 41 kinachoiweka kinaacha wazi haki ya upande wowote kuvunja mkataba bila notisi kwa sababu inayotambuliwa na sheria. Kwa hiyo hatukubali kukatwa mshahara wa notisi.

6. Hesabu ya mmoja wetu

Kiambatisho C kina hesabu ya kila mtu. Hapa tunaeleza ya mchenjuaji yule mwenye salari slipu ya Julai, aliyeanza kazi 1 Machi 2020, ili ionekane kwamba hatujabuni chochote. Viwango vyote ni kabla ya makato ya kisheria.

Malimbikizo ya mshahara ni shilingi 400,000 za Mei, ukiondoa zile 200,000 alizotumiwa kwa simu, na shilingi 600,000 kwa kila mwezi kuanzia Juni hadi Septemba. Jumla yake ni shilingi 2,800,000.

Likizo yake ya mwaka uliopita aliichukua. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba ana siku 184 za kazi, ukiondoa Jumapili. Sheria inatoa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi, kwa hiyo ana siku 14. Mshahara wake wa siku, kwa kugawa mwezi kwa siku 26, ni shilingi 23,077, na likizo inafika shilingi 323,078.

Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika. Amekamilisha mitatu, yaani siku 21, sawa na shilingi 484,617. Malipo badala ya notisi ni mshahara wa mwezi, shilingi 600,000, kwa sababu aliyevunja mkataba ni mwajiri.

Jumla ni shilingi 4,207,695. Humo hamna nauli, michango ya NSSF ambayo mwajiri hakuiwasilisha, posho ya saa za usiku, wala fidia ambayo Tume inaweza kuitoa kwa mujibu wa kifungu cha 40 ikiona tumeachishwa isivyo haki. Malimbikizo yanadaiwa hata kama shauri la kuachishwa litashindwa. Kiinua mgongo, notisi na fidia vinategemea Tume kukubali kwamba sababu ya kuondoka ni mwajiri. Tumewaeleza wenzetu wote tofauti hiyo ili asitokee wa kuhesabu fedha ambazo bado zina mgogoro.

7. Madai yetu

Kwanza, ndani ya siku saba kuanzia leo, kila mmoja apewe hati ya kukiri deni, yenye kiasi, miezi na saini ya Mkurugenzi. Hati hii haigharimu fedha, kwa hiyo ukosefu wa fedha hauwezi kuwa sababu ya kuinyima.

Pili, ndani ya siku 14, yaani kufikia 16 Oktoba 2023, malimbikizo yote ya mishahara na likizo yalipwe kupitia akaunti zetu za benki. Ikiwa kampuni haiwezi kulipa kwa mkupuo, tuko tayari kupokea kwa awamu, lakini kwa makubaliano yatakayosainiwa mbele ya msuluhishi wa Tume tu. Makubaliano ya hapo yanaweza kukazwa kama hukumu. Makubaliano ya kwenye simu tumeshayaona.

Tatu, michango ya NSSF ya Mei hadi Septemba iwasilishwe, sehemu ya mwajiri na yetu, na kodi iliyoandikwa kwenye salari slipu ifike Mamlaka ya Mapato.

Nne, walioajiriwa Kahama na Shinyanga warudishwe walikotolewa pamoja na mizigo yao, au walipwe nauli isiyopungua ya basi mpaka kituo kilicho karibu, kama kifungu cha 43 kinavyotaka, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku watakazosubiri.

Tano, kila mmoja apewe cheti cha utumishi, na kumbukumbu za kampuni zisomeke kwamba ajira imekoma kwa sababu ya mishahara isiyolipwa. Hili si suala la heshima peke yake. Fao la upotevu wa ajira la NSSF halitolewi kwa aliyeacha kazi kwa hiari yake. Mwajiri akiandika kwamba tumejiuzulu kwa hiari, au akituita watoro, atakuwa ametunyima mshahara na pia fao ambalo tulikatwa fedha kulichangia.

Sita, tunamwomba Ofisa Kazi wa Mkoa wa Geita akague kumbukumbu za mishahara za mtambo huu, na akiridhika kwamba sheria imevunjwa atumie mamlaka yake chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kutoa amri ya utekelezaji. Wapo wenzetu waliobaki kazini ambao hawajasaini risala hii. Nao hawajalipwa.

8. Makabidhiano

Hatuondoki na mali ya mtu. Hakuna kaboni, kemikali, kifaa wala gramu ya dhahabu iliyotoka nje ya geti kwa mikono yetu ili kufidia deni. Wapo waliotushauri hivyo, na tunajua mtaani kuna wanunuzi wasiouliza maswali. Tukifanya hivyo tutahama kutoka Tume ya Usuluhishi kwenda kituo cha polisi, na deni letu litasahauliwa.

Hali ya mtambo saa 12:00 asubuhi ya leo ni hii. Matangi namba 1 na 4 hayana kitu na yameoshwa. Tangi namba 2 liko siku ya nne ya mzunguko, na pH yake ni 10.5. Tangi namba 3 liko siku ya saba, na pH yake ni 10.3. Limeongezwa chokaa saa 10:00 usiku na linahitaji kupimwa tena kabla ya saa 4:00 asubuhi. Mapipa ya sianidi yaliyofungwa na lililofunguliwa yameorodheshwa kwenye daftari la ghala, na funguo zote mbili za kufuli amekabidhiwa msimamizi mbele ya mlinzi wa geti. Kaboni iliyo kwenye minara haijaguswa, na lakiri zake ziko kama zilivyokuwa.

Meneja alijulishwa kwa maandishi juzi Jumamosi kwamba zamu ya leo asubuhi haitakuwa na sisi, ili atafute wenye ujuzi wa kuangalia matangi hayo mawili. Ikiwa hakuwatafuta, tunamshauri asimamishe kuongeza sianidi, adumishe chokaa, na asiruhusu mtu asiyefundishwa kusogea kwenye tangi namba 3. Hati ya makabidhiano ina saini ya msimamizi wa zamu na iko kwenye kiambatisho D.

9. Hitimisho

Ndugu Mkurugenzi, siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa zinaisha tarehe 1 Novemba 2023. Sisi tumejiwekea 17 Oktoba, siku moja baada ya muda wa malipo tuliokupa. Siku hiyo, ikiwa hatujalipwa na hatujasaini makubaliano mbele ya msuluhishi, Fomu Namba 1 itawasilishwa katika ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Geita, kwa kuwa kazi ilifanyika Geita na deni limezaliwa Geita. Kuanzia leo hatutakwenda Kahama kwa mazungumzo yasiyo na maandishi, na hatutapokea fedha zisizoambatana na maelezo ya ni za mwezi gani.

Kwa wenzetu mliobaki mtamboni, na kwa wote mnaofanya kazi kwenye mitambo ya marudio kuanzia Katoro hadi Kahama, tunawaomba jambo moja. Mwezi wa kwanza usiolipwa uandikieni barua, igongeni mhuri wa kupokelewa, na hesabuni siku 60 kuanzia tarehe ya mshahara, si kuanzia tarehe ya ahadi.

Wenu katika madai ya haki,

Mwenyekiti na Katibu wa wafanyakazi waliosaini, pamoja na saini kumi na moja kwenye karatasi iliyoambatanishwa.

Nakala:
Ofisa Kazi wa Mkoa, Geita
Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Geita
Meneja wa NSSF, Mkoa wa Geita
Ofisa Madini Mkazi, Geita